Transfoma Inavyofupisha Waya: Hesabu Kutoka Miteremko ya Kianyaga

Waya wa umeme hutoza ushuru, na ushuru huo haulingani na nguvu inayopita ndani yake. Hulingana na mkondo, tena mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa ampea 1 kwenye waya wenye ukinzani wa omu 1, wati 1 hugeuka joto na kupotelea hewani. Mkondo ukiwa ampea 10 kwenye waya uleule, wati zinazopotea ni 100. Kanuni yenyewe huandikwa P = I²R, ambapo I ni mkondo na R ni ukinzani wa waya. Upotevu hautazami kama ampea hizo zinasukumwa na volti 240 au volti 220,000. Nguvu inayomfikia mtumiaji, kwa upande mwingine, ni zao la volteji na mkondo kwa pamoja. Kwa hiyo nguvu ileile inaweza kusafirishwa kwa mkondo mkubwa na volteji ndogo, au kwa mkondo mdogo na volteji kubwa, na mipango yote ya kusafirisha umeme imejengwa juu ya uhuru huo wa kuchagua.

Miteremko ya kusini ya Mlima Kenya inaonyesha jambo hili waziwazi kwa sababu ya umbo lake. Karibu na Kianyaga, upande wa mashariki wa Kaunti ya Kirinyaga, ardhi imekatwa na mito inayoshuka kutoka mlimani, na kati ya mto na mto kuna kigongo kirefu chembamba chenye nyumba, mashamba ya kahawa na, juu zaidi, majani chai. Mtu anaweza kuiona nyumba ya jirani ng'ambo ya bonde, lakini waya wa kumfikia huenda ukafuata barabara ya kigongo kwa kilomita kadhaa. Umeme wa huku daima unapambana na urefu wa waya.

Chukua mfano wa hesabu: kiwanda cha kumenyea kahawa kilicho umbali wa kilomita 2 kutoka kwenye chanzo cha umeme, kikihitaji kilowati 20 msimu wa mavuno unapopamba moto. Kwa wepesi, tuseme laini ni ya nyaya mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, zote za alumini yenye unene wa milimita mraba 50. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa takriban omu 0.54 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni kilomita 4, hivyo ukinzani wote ni omu 2.16, kiasi kinachoonekana kidogo mno kuleta shida.

Lakini kilowati 20 kwa volti 240 zinadai ampea 83.3. Mkondo huo ukipita kwenye omu 2.16, volti 180 zinaliwa na waya, na wati 15,000 zinageuka joto njiani. Kiwandani zingefika volti 60, ambazo haziendeshi chochote. Kwa kweli hata hali hiyo haitimizi hitaji la kiwanda, maana mkondo wa ampea 83.3 kwa volti 60 ni kilowati 5 tu, si 20 zilizotakiwa. Laini ya namna hii ina dari lake: nguvu kubwa kabisa inayoweza kutolewa mwishoni ni volteji ya chanzo ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kugawanywa kwa ukinzani mara nne. Hapa dari hilo ni kilowati 6.7, na hupatikana pale tu mtumiaji anapobakiwa na volti 120, nusu ya umeme wote ikiwa imeishia kwenye waya. Kilowati 20 haziwezi kufika kwa gharama yoyote ile. Mtu anaweza kujaribu kunenepesha waya, lakini ili upotevu ushuke hadi asilimia 5 ingebidi alumini iongezwe zaidi ya mara 14, yaani waya wenye unene wa milimita mraba zaidi ya 700 kwa ajili ya kiwanda kimoja.

Dawa ya hali hiyo ni transfoma, na ni vyema kuielewa kwanza katika hali yake kamilifu, isiyopoteza chochote. Transfoma ni koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Koili ya kwanza inapopewa umeme unaobadilika mwelekeo, na huu wa Kenya hukamilisha mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, huzalisha sumaku inayopanda na kushuka ndani ya chuma. Sumaku hiyohiyo hupita katikati ya duru zote za koili zote mbili, na kila duru, iwe ya koili ya kwanza au ya pili, hupata volteji ileile. Ikiwa kila duru inapata volti 4, koili ya duru 60 itakuwa na volti 240, na koili ya duru 2,750 itakuwa na volti 11,000. Uwiano wa volteji ni uwiano wa duru. Hapa ni 45.8, na hauna siri nyingine.

Mkondo hufuata uwiano huohuo kinyumenyume. Mzigo ukiunganishwa kwenye koili ya pili, mkondo wake huanza kuipinga sumaku iliyomo kwenye chuma. Sumaku ikitaka kupungua, koili ya kwanza huvuta mkondo zaidi kutoka kwenye chanzo mpaka upinzani huo ufutike. Mizani inakaa sawa pale mkondo uliozidishwa kwa duru unapolingana pande zote mbili. Ampea 83.3 zikipita kwenye duru 60, zao ni 5,000. Upande wa duru 2,750 zinatosha ampea 1.82 kupata zao hilohilo la 5,000. Volteji imepanda mara 45.8, mkondo umeshuka mara 45.8, na nguvu imebaki kilowati 20 vilevile. Transfoma haizalishi umeme.

Sasa laini ileile ya kilomita 2 ipandishwe hadi volti 11,000 mwanzoni, na kushushwa tena hadi 240 kiwandani. Waya haujabadilika, omu 2.16 ni zilezile, ila mkondo ni ampea 1.82. Volti zinazoliwa njiani ni karibu 4 kati ya 11,000. Nguvu inayopotea ni wati 7, kiasi cha balbu moja ndogo ya kisasa, badala ya zile wati 15,000. Upungufu ni mara 2,100, yaani 45.8 ikizidishwa kwa yenyewe.

Kuna njia nyingine ya kuitazama namba hiyo ya 2,100, na pengine ndiyo inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote. Mtu aliyesimama upande wa volti 240, asiyejua kwamba kuna transfoma mbili katikati, akipima laini hiyo ataiona kama yenye ukinzani wa omu 2.16 uliogawanywa kwa 2,100, yaani omu 0.001. Huo ndio ukinzani wa waya wa aina ileile ikiwa umbali wote ungekuwa chini kidogo ya mita 1. Transfoma mbili, moja kila upande, zimekisogeza kiwanda cha ng'ambo ya kigongo mpaka mlangoni pa chanzo. Ndiyo maana uwiano wa transfoma huathiri ukinzani kwa mraba: volteji inabadilika mara moja na mkondo unabadilika mara moja, na ukinzani ni volteji kugawanywa kwa mkondo.

Wanafunzi wengi hukwama hapa, na wana haki ya kukwama. Walifundishwa kwamba V = IR, hivyo volteji ikipanda mkondo nao hupanda. Wengine hutumia kanuni ya V²/R na kupata kwamba volteji kubwa inapoteza nguvu nyingi zaidi, kinyume kabisa cha yaliyoelezwa. Kosa liko kwenye V. Katika kanuni hizo mbili, V ni tofauti ya volteji kati ya ncha mbili za kitu ambacho ukinzani wake ni R. Ikiwa R ni ya waya, basi V ni zile volti 4 zilizopotea kati ya mwanzo na mwisho wa laini, si volti 11,000 zilizopo kati ya waya mmoja na mwenzake. Nne mara nne ni 16, gawanya kwa 2.16, jibu ni wati 7 na kitu, sawa na mwanzo. Mkondo wa laini hauamuliwi na ukinzani wa waya. Unaamuliwa na mzigo ulioko mwishoni, na mzigo huo unaonekana kupitia transfoma kama kitu chenye ukinzani mara 2,100 zaidi.

Transfoma halisi, ile ya rangi ya kijivu inayoning'inia kwenye nguzo mbili kando ya barabara, hupoteza umeme kwa njia mbili zenye tabia tofauti. Njia ya kwanza ni ya chuma. Kuigeuza sumaku ya kiini mara 100 kwa sekunde kunagharimu nishati, na sumaku hiyo inayobadilika huzalisha pia mikondo midogo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe. Ili kuipunguza mikondo hiyo, kiini hakitengenezwi kwa pande moja la chuma. Hupangwa kwa mabati membamba yaliyopakwa kizio, na mtetemo wa mabati hayo ndio ule mvumo unaosikika usiku chini ya nguzo. Upotevu wa chuma haujali kama kuna mtu anayetumia umeme. Transfoma ikishaunganishwa na laini ya juu, unaendelea usiku na mchana. Njia ya pili ni ya koili: ukinzani wa waya wake hugeuza mkondo kuwa joto, kwa mraba, kama laini yoyote.

Kwa transfoma ya kVA 50, makadirio ya wati 150 kwa chuma na wati 1,000 kwa koili zikiwa zimejaa mzigo hayako mbali na zile zinazouzwa. Kiwanda cha kilowati 20 kinaijaza kwa asilimia 40, kwa hiyo upotevu wa koili ni 0.4 mara 0.4 ya wati 1,000, yaani 160. Jumla kwa transfoma moja ni wati 310, na kwa mbili ni 620. Laini ya kilomita 2 imepoteza wati 7 tu, lakini vyombo vilivyowekwa kuiokoa vimepoteza 620. Bado ni biashara nzuri, maana ni kama asilimia 3 ya kilowati 20, na bila vyombo hivyo umeme usingefika kabisa. Hata hivyo hesabu inaonyesha kwamba uwiano wa duru una ada yake, na ada hiyo hulipwa kila saa. Katika hali halisi ya Kianyaga ada hupungua, kwa sababu volti 11,000 hufika tayari kutoka kituo kidogo cha umeme, na kinachohitajika ni transfoma ya kushushia peke yake.

Ada ya chuma huuma zaidi mahali penye watumiaji wachache. Wati 150 kwa saa 24 ni uniti 3.6 kwa siku. Ikiwa transfoma hiyo inahudumia nyumba kumi za kigongoni, kila moja ikitumia uniti moja kwa siku kwa taa, redio na simu, basi kwa kila uniti 10 zinazotumika kuna nyingine 3.6 zinazoishia kwenye chuma. Mtoa huduma hana budi kuchagua: transfoma nyingi ndogo zilizo karibu na watu, zenye ada kubwa ya kudumu, au chache kubwa zenye nyaya ndefu za volti 240 zinazopoteza kwa mraba kila jioni.

Yako mazingira ambapo transfoma haihitajiki kabisa, na Kirinyaga ina mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya Kathamba na Thima vilijengewa mitambo midogo sana ya umeme wa maji. Wa Kathamba ulikuwa wa kilowati 1.1 kwa nyumba 65, wa Thima kilowati 2.2 kwa nyumba 110, na umeme ulipelekwa moja kwa moja kwa volteji ya nyumbani. Kilowati 1.1 kwa volti 240 ni ampea 4.6. Tuseme zipite kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 6 hadi umbali wa mita 500: waya wa kwenda na kurudi ungekuwa na ukinzani wa omu 2.9, ungekula volti 13 na kupoteza kama wati 60. Hiyo ni chini ya asilimia 6, na ni chini ya nusu ya kile ambacho chuma cha transfoma moja ya kVA 50 kingekula bila kumwashia mtu taa. Nguvu ikiwa ndogo na umbali mfupi, waya mtupu unashinda. Lakini kijiji hicho kikitaka kilowati 20, mraba unageuza matokeo yote.

Mraba huohuo ndio unaofanya mwisho wa laini ya volti 240 kuwa mahali pagumu. Mradi wa Last Mile wa kuunganisha nyumba, ulioanzishwa Kenya mwaka 2015, ulilenga wateja walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na umbali huo unaendana na hesabu. Kwa alumini ya milimita mraba 50, mita 600 za kwenda na kurudi zina omu 0.65. Ampea 20 zinakula volti 13, na wa mwisho anapata 227, ambazo zinafaa. Majirani wakiongeza pasi, birika na pampu mpaka mkondo ufike ampea 60, volti 39 zinapotea na wa mwisho anabaki na 201. Birika lake sasa linatoa asilimia 70 tu ya joto lake, maana nalo linafuata mraba wa volteji. Pampu ni mbaya zaidi: mota ikinyimwa volteji huvuta mkondo mwingi ili iendelee kuzunguka, huvuma, huchemka, na mkondo huo wa ziada huishusha laini zaidi.

Namna ya kutambua tatizo liko wapi ni kupima volteji mara mbili jioni ileile, mara moja karibu na transfoma na mara nyingine nyumba ya mwisho. Ikiwa karibu na transfoma ni 238 na mwisho ni 200, waya ndio wenye kosa: mrefu, mwembamba, au umeunganishwa vibaya mahali fulani. Ikiwa pote pawili ni chini, shida iko juu zaidi, kwenye transfoma iliyolemewa au laini ya volti 11,000. Fundi aliyeidhinishwa anaweza kuzima transfoma na kusogeza swichi yake ya duru, ambayo kwa kawaida ina nafasi tano za kubadilisha uwiano kwa asilimia 2.5 kila hatua. Hiyo inasaidia kwa kiasi. Ukimpandishia wa mwisho asilimia 5, yule anayeishi chini ya transfoma atapata volti nyingi kupita kiasi saa nane usiku, wakati kila mtu amelala na laini haishuki.

Transfoma yenyewe hufa kwa joto. Koili zake zimefungwa kwa karatasi na kuzamishwa ndani ya mafuta, na mafuta hayo yana kazi mbili: kutenga umeme na kubeba joto hadi kwenye mapezi ya nje. Kila joto likizidi kwa nyuzi kati ya 6 na 10, maisha ya karatasi hukatika nusu. Kwa sababu hiyo wizi wa mafuta ya transfoma, uliowahangaisha Wakenya kwa miaka, huua chombo chote ingawa hakuna waya ulioguswa: koili zinaachwa wazi, zinapikika, na kigongo kizima kinakaa gizani mpaka transfoma nyingine ije.

Juu ya volti 11,000 kanuni haibadiliki, bali gharama zake. Maji ya mto Thiba na ya Nyamindi unaoungana nao hushuka kutoka mlimani hadi bwawa la Kamburu kwenye mto Tana, na chini yake kipo kituo cha Gitaru chenye uwezo wa megawati 225. Umeme wa mabwawa hayo huelekea Nairobi, zaidi ya kilomita 100, kwa volti 132,000 na 220,000. Tuseme megawati 225 zote zipite kwenye laini moja ya nyaya tatu ya volti 220,000, yenye ukinzani wa omu 7 kwa kila waya. Mkondo ungekuwa ampea 590, na upotevu megawati 7, kama asilimia 3. Kwa volti 11,000 mkondo ungekuwa mara 20 zaidi na upotevu ungedaiwa mara 400, yaani karibu megawati 2,900 ili kupeleka 225. Kama ilivyokuwa kwa kiwanda cha kahawa, jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1891 njia ilionyeshwa nchini Ujerumani kwa mara ya kwanza kwa umbali wa namna hii, umeme wa maji ulipopelekwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kwa takriban volti 15,000.

Kinachozuia volteji isipandishwe bila kikomo ni hewa. Karibu na waya wa msongo mkubwa hewa yenyewe huanza kuvunjika na kupitisha umeme. Wakati wa ukungu, ambao miteremko ya mlima inaujua vizuri, laini kubwa husikika zikichichita, na mchichito huo ni nishati inayopotea. Ndiyo sababu laini za volti 400,000, kama ile inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani hadi Suswa, hutumia nyaya kadhaa zilizopangwa pamoja mahali pa waya mmoja mnene, ili umeme ulioko usoni mwa waya usikolee mno. Vikombe vya kutenga navyo huwa virefu zaidi, minara hupanda, na njia inayosafishwa chini yake hupanuka. Kwa kila umbali na kila nguvu kuna volteji ambapo gharama ya kupanda ngazi nyingine inazidi thamani ya umeme utakaookolewa, na ngazi za Kenya za 11, 33, 66, 132, 220 na 400 elfu ni majibu ya hesabu hiyo kwa umbali tofauti.

Kwa safari ndefu mno, umeme unaobadilika mwelekeo huanza kulemewa na jambo lisilo ukinzani: laini yenyewe hujazwa na kumwagwa mara 100 kwa sekunde, na mkondo huo wa kujaza hula nafasi ya mkondo wenye kazi. Laini kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa, kilomita 1,045, hutumia kwa hiyo umeme usiobadilika mwelekeo, wa volti 500,000 juu ya kipimo cha ardhi kwenye waya mmoja na 500,000 chini ya kipimo hicho kwenye mwingine. Uwezo wake ni megawati 2,000, yaani ampea 2,000. Ikibeba megawati 200, mkondo ni sehemu ya kumi na joto la waya ni sehemu ya mia. Ila transfoma haiwezi kuushusha umeme wa namna hiyo, kwa sababu sumaku isiyobadilika haizalishi volteji katika koili ya pili. Pale Suswa vigeuzi huurudisha kwanza kwenye mwendo wa mara 50 kwa sekunde, kisha transfoma, zenye kiini cha mabati na koili, huukabidhi kwa laini za nchi.